Mstari mmoja chini ya jina lako

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Leo nazungumzia mstari mmoja tu: ule unaokaa chini ya jina lako kwenye LinkedIn. Mtandao unakupa herufi 220, nafasi zikiwemo. Usipoandika kitu, wenyewe hujaza cheo chako na mahali unapofanya kazi, na watu wengi huuacha hivyo miaka nenda miaka rudi. Wengine huzijaza herufi zote 220, wakisahau kwamba mtu akikuona kwenye matokeo ya utafutaji, au chini ya maoni uliyoandika mahali, mstari hukatwa. Kwenye simu yanabaki maneno machache ya mwanzo. Kwa hiyo kazi yote inafanyika kwenye maneno hayo.

Tuchukue mhasibu aliyejiajiri Dar es Salaam. Wateja wake wengi wana maduka ya vipuri vya magari Kariakoo. Kwenye profaili yake ameandika hivi: “CPA(T) | Mshauri wa Biashara | Kiongozi | Mwenye Ari ya Mafanikio”. Hakuna uongo hapo, na CPA(T) ni sifa ya kitaaluma ya uhasibu. Lakini mwenye duka akiusoma hajui kama huyu anaweza kumfungia hesabu za mwezi, na neno “mhasibu”, ambalo ndilo mwenye duka angeliandika akitafuta, halimo kabisa.

Tunaanzia wapi kuurekebisha? Tusianze na sifa zake, tuanze na kazi alizolipwa. Namwambia afungue daftari la ankara, aangalie za karibuni: nani alilipa, na alilipia nini. Zinajirudia kazi mbili, kuandika hesabu za duka na kuandaa ritani za VAT. Ushauri wa biashara aliufanya, ndiyo, ila kama nyongeza. Hakuna aliyempigia simu kwa ajili ya huo. Basi unatoka. “Kiongozi” na “mwenye ari” yanatoka pia, kwa sababu hakuna mteja anayetafuta maneno hayo.

Jaribio la kwanza likawa: “Nawasaidia wafanyabiashara kukuza biashara zao”. Umbo ni zuri, lipo tendo na wapo watu. Lakini mstari huo unaweza kubebwa na mchapishaji wa mabango, mkopeshaji au fundi wa tovuti. Nikikuta mstari ambao watu wa kazi tatu tofauti wanaweza kuutumia bila kubadili neno, najua kazi bado haijatajwa.

Jaribio la pili: “Nakuepusha na faini za TRA”. Hili linavutia zaidi, nami nalipinga zaidi. Mteja akichelewesha risiti zake, faini itakuja tu, na ahadi itakuwa imevunjika kwa jambo lisilo mikononi mwa mhasibu. Taja kazi unayoifanya mwenyewe, maana matokeo yanategemea na wengine.

La tatu tukaliacha likae: “Mhasibu wa maduka ya vipuri: hesabu na ritani za VAT | CPA(T)”. Hesabuni, ni herufi 61. Ukikatwa baada ya “vipuri”, tayari umeshasema anafanya nini na kwa nani. CPA(T) imewekwa mwisho kwa makusudi: ni ushahidi, na ushahidi husomwa na mtu ambaye tayari ameona kwamba anahusika.

Hofu ya kila mtu hapa ni kuwapoteza wateja wengine. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akiona “maduka ya vipuri” huelewa kwamba huyu anazijua bidhaa nyingi ndogondogo zenye bei tofauti, na atauliza. Anayepotea ni yule wa mbali kabisa, kama shule au hoteli. Ikiwa nusu ya kipato chako hutoka huko, basi andika “maduka na hoteli”. Ukifika kundi la tatu, mstari unaanza tena kuwa wa kila mtu.

Kuupima, usimwulize rafiki kama ni mzuri, atakujibu ni mzuri. Muulize: nani angempigia simu mtu huyu, na siku gani? Kwa mhasibu wetu jibu linakuja haraka: mwenye duka, tarehe 20 ikikaribia, kwa kuwa ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za VAT za mwezi uliopita. Rafiki akisitasita, au akitaja mtu usiyemhudumia, rudi kwenye ankara.

Kaka aliyekaa nyuma ameniuliza kabla hatujaanza: na anayetafuta ajira? Hapo msomaji ni ofisa ajira, naye hutafuta kwa jina la cheo. Weka kwanza cheo kama kinavyoandikwa kwenye matangazo ya kazi unazozitaka, kisha aina ya mahali ulikofanya: “Mhasibu Msaidizi, maghala na usambazaji”. Ukitaka ajira na wateja binafsi kwa pamoja, mstari mmoja hautawatosha wote. Chagua unayemhitaji zaidi mwezi huu. Ukipata unachotafuta, uubadilishe.