Kutoka mkononi kurudi kwenye mshahara ghafi

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Wengi wenu mnaandaa mishahara katika ofisi ndogo, na wengine ni waajiri wenyewe. Nimeombwa nizungumzie jambo moja tu: mtu amekwambia anataka milioni moja na nusu mkononi, wewe uandike shilingi ngapi kwenye mkataba?

Nianze na kisa. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa naandaa mishahara ya ofisi moja yenye watu wachache. Mkurugenzi alikubaliana kwa maneno na fundi mmoja mzuri kwamba atapokea shilingi 1,500,000 mkononi. Nikaletewa nitafute mshahara ghafi. Nikachukua ile 1,500,000 nikaikokotolea makato kama mshahara wowote: NSSF asilimia 10, yaani 150,000, ikabaki 1,350,000, kodi yake 233,000. Jumla ya makato 383,000. Nikayajumlisha juu ya 1,500,000, nikaandika 1,883,000 kwenye mkataba. Nilikuwa na uhakika kabisa.

Mwisho wa mwezi yule fundi alikuja na hati yake ya mshahara, akaiweka mezani kwangu, akaonesha kwa kidole mstari wa chini. Ulisomeka 1,358,290. Pungufu ya 141,710. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Kaka, tulikubaliana hivi?" Sikuwa na jibu. Mkataba ulikuwa umeshasainiwa, na kila mwezi ule upungufu ungejirudia.

Kosa langu lilikuwa hili: nilikokotoa makato ya 1,500,000, lakini mshahara niliouandika ni 1,883,000, na makato hukatwa kwenye ule ulioandikwa. Zile 383,000 nilizoongeza nazo zilikatwa NSSF na kodi. Wapo waajiri wanaosema, "Usijali, kodi nitakulipia mimi." Ni jambo lile lile. Kodi unayolipiwa na mwajiri nayo ni kipato chako, kwa hiyo inatozwa kodi.

Sasa tuangalie makato yenyewe. Nazungumzia Tanzania Bara, mfanyakazi wa sekta binafsi anayekatwa NSSF asilimia 10 ya mshahara ghafi. Mchango huo hutolewa kwanza, kisha kodi ya PAYE hutozwa kwenye kinachobaki. Hicho kinachobaki tukiite kipato cha kodi. Jedwali, kama lilivyo tangu Julai 2021, linasema hivi: mpaka 270,000 kwa mwezi hakuna kodi. Kinachozidi hapo mpaka 520,000 kinatozwa asilimia 8. Kutoka 520,000 mpaka 760,000 ni asilimia 20, kutoka 760,000 mpaka 1,000,000 ni asilimia 25, na kinachozidi milioni ni asilimia 30.

Ugumu wa kurudi nyuma uko kwenye ngazi hizi. Kama kodi ingekuwa asilimia moja kwa wote, tungegawanya mara moja tukamaliza. Lakini ukiwa na kiasi cha mkononi pekee, hujui kilitoka ngazi ipi. Dawa yake ni kuziandika ngazi zile zile kwa lugha ya mkononi. Chukua kila mpaka wa jedwali, uliza: mtu mwenye kipato cha kodi kilichofika hapa hasa anabaki na ngapi? Wa 270,000 anabaki na 270,000. Wa 520,000 amelipa 20,000, anabaki na 500,000. Wa 760,000 amelipa 68,000, anabaki na 692,000. Wa 1,000,000 amelipa 128,000, anabaki na 872,000.

Naomba muandike namba hizo nne pembeni: 270, 500, 692 na 872, zote kwa maelfu. Hizo ndizo ngazi zako za kurudi. Mtu akitaja kiasi cha mkononi, unaangalia kimeangukia kati ya zipi, na papo hapo unajua kodi yake ya mwisho ilikuwa asilimia ngapi.

Turudi kwa fundi wetu. 1,500,000 imevuka 872,000, kwa hiyo tuko kwenye ngazi ya asilimia 30. Mpaka milioni ya kwanza ya kipato cha kodi tumeshapata 872,000. Zimebaki 628,000 za kutafuta, na kwenye ngazi hii kila shilingi inaacha senti 70. Tunagawanya 628,000 kwa 0.7, tunapata 897,143. Jumlisha na ile milioni: kipato cha kodi ni 1,897,143. Sasa rudisha NSSF. Hiki tulichopata ni asilimia 90 ya mshahara ghafi, basi gawanya kwa 0.9. Jibu ni 2,107,937.

Hapo kwenye NSSF ndipo naona watu wengi wanateleza hata baada ya kuipata kodi sawasawa. Wanachukua 1,897,143 wanaongeza asilimia 10 yake, wanapata 2,086,857. Asilimia 10 ya NSSF inahesabiwa kwenye mshahara ghafi, na huo ni mkubwa kuliko kipato cha kodi. Ukiongeza badala ya kugawanya, mfanyakazi wako atapungukiwa kama 13,000 kila mwezi. Ni pengo dogo, kwa hiyo linaweza kukaa mwaka mzima bila mtu kulishtukia.

Tuhakiki kwa kushuka. Ghafi 2,107,937. NSSF 210,794. Inabaki 1,897,143. Kodi ni 128,000 jumlisha asilimia 30 ya 897,143, ambayo ni 269,143, jumla 397,143. Toa: 1,500,000. Nawasihi msiruke hatua hii. Kupanda ni kwa kutafuta ngazi, kushuka ni hesabu ya kila mwezi, na zikikutana una uhakika.

Anayetumia Excel anaweza kuweka kiasi cha mkononi kwenye B1 na fomula hii pembeni yake:

```
=IF(B1<=270000,B1,
 IF(B1<=500000,270000+(B1-270000)/0.92,
 IF(B1<=692000,520000+(B1-500000)/0.8,
 IF(B1<=872000,760000+(B1-692000)/0.75,
 1000000+(B1-872000)/0.7))))/0.9
```

Mtaona zile namba nne zimo humo. Jedwali likibadilishwa kwenye bajeti, zinabadilika zote, siyo asilimia peke yake. Nimeshakuta faili ambalo mtu alirekebisha asilimia akaacha mipaka ya zamani ya mkononi. Lilikuwa linatoa majibu yanayofanana na ukweli, na hilo ni baya kuliko kutoa kosa la wazi. Jaribu 600,000 mkononi: ikupe 716,667. Isipokupa hiyo, kuna kitu kimeharibika.

Dada pale mbele ameuliza kama yeye aliye chini ya PSSSF anatumia hesabu nyingine. Hapana, dada yangu. Mfanyakazi wa PSSSF anakatwa asilimia 5, kwa hiyo hatua ya mwisho unagawanya kwa 0.95. Kipato cha kodi ni kile kile 1,897,143, kwa sababu mkononi ni ile ile na jedwali la kodi ni lile lile. Ghafi inakuwa 1,996,992. Kwa wenzetu wa Kenya hatua hiyo haiendi kirahisi hivyo, maana NSSF yao ina kikomo cha juu. Ukishakivuka, mchango unasimama, na kugawanya kwa asilimia moja kunakupotosha.

Kuna ujanja wa kumsaidia aliyekwisha kosea kama mimi. Kwenye ngazi ya juu, kila shilingi unayoongeza kwenye ghafi, NSSF inachukua senti 10, kodi inachukua asilimia 30 ya senti 90 zilizobaki, yaani senti 27. Mfanyakazi anafikiwa na senti 63. Basi upungufu wa fundi wetu, 141,710, ugawanye kwa 0.63. Unapata 224,937. Ijumlishe na 1,883,000 na utafika 2,107,937, palepale. Ningeijua hii siku ile, ningemwandikia nyongeza ya mkataba mchana ule ule. Na mwajiri anayetaka kumwongezea mtu wa ngazi hii 100,000 mkononi ajue kwamba anaongeza karibu 158,730 kwenye ghafi, kabla ya mchango wake mwenyewe wa NSSF.

Nimalizie na Bodi ya Mikopo, kwa sababu swali hilo nimeulizwa mlangoni kabla hata sijakaa. Aliyesoma kwa mkopo wa HESLB anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na makato hayo hayapunguzi kodi. Kodi inatozwa kana kwamba mkopo haupo, halafu mkopo unakatwa. Kwa hiyo zile namba nne hazifai tena, lazima zishushwe. Tuchukue kwamba mshahara wote ni wa msingi, hakuna posho. Mwenye kipato cha kodi cha 1,000,000 ana ghafi ya 1,111,111. Mkopo wake ni 166,667. Mkononi anabaki na 705,333, siyo 872,000. Na kuanzia hapo kwenda juu, kila shilingi ya ghafi inampa senti 63 kutoa 15, yaani 48.

Fundi wetu angekuwa na mkopo, zingebaki 794,667 za kutafuta baada ya 705,333. Gawanya kwa 0.48, unapata 1,655,556. Jumlisha na 1,111,111: ghafi ni 2,766,667. Hakikisha kwa kushuka: NSSF 276,667, kipato cha kodi 2,490,000, kodi 575,000, mkopo 415,000. Inabaki 1,500,000.

Hapa ndipo ninapowaomba waajiri na wafanyakazi mzungumze kabla ya kusaini. Mkopo una mwisho. Siku deni likiisha, mtu mwenye ghafi ya 2,766,667 atapokea 1,915,000 mkononi, bila mtu yeyote kumpandisha mshahara. Kama mkataba uliandikwa kwa ghafi, zile 415,000 ni zake kuanzia mwezi huo. Kama uliandikwa "1,500,000 mkononi", mwajiri anaweza kudai kwamba ghafi ishuke mpaka 2,107,937. Mfanyakazi naye anaweza kusema mshahara wake umepunguzwa kwa zaidi ya laki sita. Wote wawili watakuwa wanasoma karatasi moja. Kwa hiyo mimi sasa naandika vyote viwili: ghafi kama ahadi, na mkononi kama maelezo, pamoja na makato yaliyotumika na mwezi wa hesabu. Karibuni kwa maswali.