Barua ya Ufadhili Imwoneshe Mfadhili Atapata Nini

Ndugu viongozi wa klabu za vijana, leo tuichukue barua moja tu tuiandike upya. Imeelekezwa kwa meneja wa duka la vifaa vya ujenzi, na aya yake ya kwanza inasema: "Klabu yetu ina vijana 40 wenye vipaji, ila tunakabiliwa na uhaba wa jezi na mipira, hivyo tunaomba mtusaidie kwa chochote mtakachojaliwa." Yote hayo ni kweli, lakini meneja akimaliza kuisoma anazijua shida za klabu na hajui duka lake litapata nini. Neno "chochote" nalo humpa ruhusa ya kutoa kidogo kabisa.

Kabla ya kugusa kalamu, katibu ahesabu watazamaji katika mechi kadhaa za nyumbani. Tuseme wastani ni watu 120, na mechi za nyumbani ni 18 kwa msimu. Hapa ndipo wengi huteleza: huzidisha, wakaandika "watazamaji 2,160", ilhali wengi wao ni wazazi walewale wanaorudi kila mara, na meneja makini ataligundua hilo mara moja. Usemeni ukweli huo, kwa kuwa unawafaa: duka linalotegemea wateja wa jirani hunufaika jina lake linapoonwa mara nyingi na watu wanaoishi karibu nalo.

Sasa aya inasomeka hivi: "Tunapendekeza jina la duka lenu liwe kifuani mwa jezi za vijana wetu 40 kwa msimu mzima, na bango lenu liwe kando ya uwanja katika mechi zote 18 za nyumbani, ambazo kwa wastani hutazamwa na watu 120, wengi wao wakiwa wazazi wanaoishi mtaa huu. Hatutachukua mfadhili mwingine wa biashara kama yenu. Katikati na mwishoni mwa msimu tutawaletea picha na idadi ya watazamaji. Gharama ya jezi, uchapaji na bango imeainishwa katika jedwali lililoambatanishwa."

Sentensi ya kutochukua mshindani ndiyo ningeipigania zaidi, kwa sababu haiigharimu klabu fedha taslimu, nayo humpa meneja sababu ya kuamua mapema. Hata hivyo, someni kwanza kanuni za ligi yenu kuhusu matangazo kwenye jezi za watoto, na pateni idhini ya maandishi ya wazazi kabla ya kuahidi picha. Msiahidi kamwe kwamba mauzo yataongezeka. Klabu haina uwezo juu ya hilo.

Shida ya jezi haifutwi: inahamia aya ya pili, kwa sentensi moja. Barua imalizie kwa kuomba miadi ya dakika 15, ikitaja siku ambayo katibu atapiga simu.