Kimbunga, tonado na mvua ya radi: nani mtoto wa nani?

RIZIKI: Karibuni tena, mimi ni Riziki, mtoto wa Mafia, na mwenzangu hapa ni Dotto wa Mwanza. Leo tunaanza na ujumbe wa sauti wa msikilizaji wetu aliyeko Dallas, Marekani. Anasema simu yake ililia saa kumi na moja jioni ikimwambia akajifiche, kuna tonado. Akakaa bafuni na watoto dakika ishirini, wakatoka, nje kumetulia. Anauliza: "Hicho ndicho kilekile mlichokiita kimbunga Hidaya mwaka 2024? Mbona nyinyi mlitangaziwa siku kadhaa kabla?"

DOTTO: Swali zuri, na amejijibu nusu bila kujua. Dakika ishirini dhidi ya siku kadhaa, tofauti iko hapo hapo.

RIZIKI: Lakini lawama ni ya lugha, Dotto. Bati likiezuliwa Kahama, gazeti linaandika kimbunga. Oklahoma, kimbunga. Hidaya, kimbunga.

DOTTO: Kahama mara nyingi ni mvua ya radi tu. Na tuanzie hapo, kwa sababu mvua ya radi ndiyo mama wa hayo mengine yote. Dada Riziki, umewahi kuunguzwa na mvuke wa sufuria?

RIZIKI: Nani hajawahi? Unafunua mfuniko wa wali, mkono unawaka.

DOTTO: Basi sikiliza. Mvuke ule ukigusa ngozi unarudi kuwa maji, na ukirudi kuwa maji unaachia lile joto lote ulilolimeza jikoni. Ndiyo maana unaunguza vibaya. Angani ni vivyo hivyo. Jua linapiga ardhi yenye unyevu, hewa ya moto inapanda na mvuke wake. Ikifika juu inapoa, mvuke unageuka matone, joto linaachiwa ndani ya wingu. Wingu linapata moto mpya, linazidi kupanda. Linajipandisha lenyewe, kwetu tropiki linaweza kufika kilomita kumi na tano au zaidi. Kule juu halina pa kwenda tena, linatandaza kichwa, linakuwa kama fuawe la mhunzi.

RIZIKI: Na radi?

DOTTO: Katikati ya wingu kuna barafu. Vipande vizito vinashuka, vile vidogo vinapanda, vinagongana na kupokonyana chaji za umeme. Juu ya wingu kunakuwa na chaji ya aina moja, chini ya aina nyingine, mpaka hewa inashindwa kuzitenganisha. Hapo ndipo linapopiga. Ukiona mwanga, hesabu mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja.

RIZIKI: Na linakufaje?

DOTTO: Mvua yake yenyewe ndiyo inayoliua. Matone yanaposhuka yanavuta hewa baridi chini, ile hewa inakata njia ya hewa moto iliyokuwa ikipanda. Wingu moja la kawaida haliishi zaidi ya saa moja. Lakini hiyo hewa baridi ikigonga ardhi inatawanyika pande zote kwa nguvu, na ndiyo inayoezua bati. Ukisikia upepo wa ghafla wenye baridi kabla ya tone la kwanza, ni huo.

RIZIKI: Wavuvi wa kwenu wanaujua.

DOTTO: Wanaujua na unawaua. Ziwa Victoria lina tabia yake. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko ziwa, upepo unatoka ziwani kwenda bara, mvua inanyesha vilimani. Usiku mambo yanageuka, nchi inapoa, upepo unatoka bara kuingia ziwani kutoka kila upande.

RIZIKI: Sisi pwani huo tunauita umande.

DOTTO: Haya, sasa fikiria umande unaotoka Mwanza, Kisumu, Entebbe na Bukoba kwa wakati mmoja. Zinakutana katikati ya ziwa, hazina pa kwenda ila juu. Na maji ya ziwa usiku bado yana joto. Kwa hiyo radi kubwa za ziwani zinapiga usiku wa manane kuelekea alfajiri, saa hizohizo mvuvi wa dagaa yuko katikati na karabai yake.

RIZIKI: Haya, tumempata mama. Kimbunga sasa, changu mimi.

DOTTO: Kimbunga cha bahari ni mamia ya mawingu ya radi yaliyokubaliana. Wingu moja linaishi saa moja, lakini likifa lingine linazaliwa jirani, na yote yanavuta hewa kuelekea sehemu moja yenye mgandamizo mdogo. Ili hilo litokee bahari iwe na joto la kama nyuzi 26.5 na zaidi, na si juu tu. Joto lishuke mpaka mita hamsini hivi, kwa sababu mawimbi ya kimbunga yanakoroga maji. Chini kukiwa baridi, kinajizimia jiko chenyewe.

RIZIKI: Na kuzunguka?

DOTTO: Hiyo kazi ya dunia. Hewa inayokimbilia katikati kutoka umbali wa mamia ya kilomita inapindishwa na mzunguko wa dunia. Kusini mwa ikweta inazunguka kwa mwendo wa mshale wa saa, kaskazini kinyume. Hidaya alizunguka hivi, na kile kimbunga Gonu kilichopiga Oman mwaka 2007 kilizunguka vile. Penye ikweta yenyewe dunia haipindishi kitu, ndiyo maana Mombasa, nyuzi nne tu kusini, imekaa kwa amani.

RIZIKI: Subiri. Nanyuki kuna vijana wanaonyesha watalii beseni la maji. Hatua chache upande huu maji yanazunguka hivi, wakivuka mstari yanazunguka vile.

DOTTO: Vijana wana mikono myepesi, wapewe pesa yao. Beseni ni dogo mno, namna ulivyomimina maji ndiyo inayoamua. Dunia inahitaji kilomita mia kadhaa na siku nzima ili ipinde kitu. Shika hilo la beseni, tutalirudia kwenye tonado.

RIZIKI: Mafia tuko karibu nyuzi nane. Wazee walikuwa wanasema kimbunga ni cha Msumbiji na Madagaska, huku hakifiki.

DOTTO: Hakifiki mara nyingi. Lakini tarehe 15 Aprili 1872 kilipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu.

RIZIKI: Na Pemba ikapona kwa sehemu kubwa! Ndiyo maana karafuu ikahamia Pemba mpaka leo. Waunguja hawapendi kukumbushwa.

DOTTO: Na Lindi ikapigwa tarehe ileile, 15 Aprili, mwaka 1952. Hidaya ndiye aliyechelewa. Alizaliwa mwanzoni mwa Mei 2024, wakati msimu unahesabiwa umeisha mwishoni mwa Aprili. Tarehe 3 alifikia ngazi ya kimbunga kamili, yaani upepo usiopungua kilomita 118 kwa saa, mashariki ya kwenu huko. Tarehe 4 akaingia Mafia akiwa tayari amepungua nguvu.

RIZIKI: Hidaya, eti zawadi. Mama yangu alinipigia Ijumaa, boti zimesimama, wanafunga madau kwenye mikoko. Usiku kucha bati linapiga makofi, anasema. Lakini ajabu yangu ni kwamba balaa kubwa lilikuwa Somanga, Kilwa. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika kwa maji, siyo kwa upepo.

DOTTO: Ndiyo tabia yake. Kikigusa nchi kavu kinakosa bahari, upepo unalegea haraka. Ila unyevu kilioubeba lazima kiutue mahali. Watu wanasikia "kimepungua nguvu" wanadhani kimekwisha, kumbe mto ndiyo kwanza unajaa.

RIZIKI: Na lile jicho? Nasikia katikati kunakuwa shwari kabisa.

DOTTO: Kimbunga kilichokomaa, ndiyo. Hewa inashuka pale katikati, mawingu yanafunguka. Watu wanatoka kuangalia paa. Kisha upande wa pili unafika, na upepo unavuma kutoka upande ulio kinyume na wa kwanza. Ukuta uliokukinga mwanzo sasa ndio unaosukumwa.

RIZIKI: Twende Dallas, ndugu yetu bado yuko bafuni.

DOTTO: Tonado inatoka kwenye wingu moja tu la radi, lakini wingu la aina yake. Fikiria upepo wa chini unatoka kusini taratibu, na ule wa juu unatoka magharibi mbio. Hewa ya katikati inafanywaje?

RIZIKI: Inaviringishwa. Kama chapati ukiikunja na viganja viwili, mmoja unakwenda huku mwingine kule.

DOTTO: Umemaliza! Inaviringika ikiwa imelala, kama mkeka uliokunjwa. Sasa wingu la radi linapanda kwa nguvu, linauinua ule mkeka unasimama wima. Wingu zima linaanza kuzunguka polepole, upana wa kilomita kadhaa. Kisha hewa baridi inayoshuka nyuma ya wingu inalizunguka kwa chini, mzunguko unabanwa, unakuwa mwembamba, na kila unavyobanwa unazidi kasi. Mengi ya mawingu hayo yanaishia hapo bila kuzaa kitu. Yanayofanikiwa yanashusha mkonga mpaka ardhini.

RIZIKI: Kwa hiyo dunia haihusiki?

DOTTO: Beseni lile! Tonado kwa kawaida ina upana wa mita mia hivi, ni ndogo mno. Mzunguko wake unatoka kwenye pepo zinazotofautiana. Na hapa ndipo ninapopapenda mimi. Hizo pepo zinazotofautiana chini na juu ndizo zinazoua kimbunga cha bahari. Zinakisukuma kichwa upande mmoja, miguu upande mwingine, kinararuka. Kitu kilekile kinachomzaa huyu kinamuua yule.

RIZIKI: Ndiyo maana Oklahoma, na siyo sisi?

DOTTO: Kule unyevu unatoka Ghuba ya Meksiko, hewa kavu inatoka magharibi inaukalia juu, na juu zaidi kuna mto wa upepo unaokwenda kasi. Tarehe 20 Mei 2013 mji wa Moore ulipata tonado ya ngazi ya juu kabisa. Ilidumu kama dakika 40, watu 24 wakafa. Kwa tonado, dakika 40 ni nyingi, nyingi hazifiki kumi. Lakini si Marekani tu. Juni 2024 Tongaat, Afrika Kusini, walipata yao.

RIZIKI: Na chamchela ya kiangazi inayobeba vumbi na mifuko uwanjani?

DOTTO: Hiyo haina wingu. Inazaliwa chini, kwenye ardhi ya moto, jua linawaka. Angalia juu tu. Mbingu nyeupe, ni chamchela.

RIZIKI: Basi ndugu yetu wa Dallas, ndiyo maana simu yako ilisubiri mpaka dakika za mwisho.

DOTTO: Kimbunga, setilaiti inakiona siku kadhaa kikitambaa baharini. Tonado, wanaona kwenye rada wingu limeanza kuzunguka, wanakupigia hapohapo, una robo saa ukibahatika. Bafu la katikati ya nyumba lisilo na dirisha ni chaguo sahihi. Ila Mafia, bafu halisaidii maji yakipanda.

RIZIKI: Bafu la kwetu liko nje, Dotto, na bati lake ndilo lililoondoka usiku ule.