Maikroni moja inabeba kiasi gani? Maongezi na mafundi wa Nyakato kuhusu habu iliyobanwa kwenye shafti

(Haya ni maongezi ya Jumamosi karakanani Nyakato, nimeyaandika kama nilivyoyasema, na maswali yenu nimeyaacha humo humo.)

Mwangaluka ndugu zangu. Naona kuna waliotoka Igoma, kuna waliotoka Mwaloni na harufu ya dagaa bado iko kwenye ovaroli, karibuni wote, ila hao wa Mwaloni wakae dirishani.

Leo naanza na aibu yangu mwenyewe. Kuna krasha ya barafu niliifanyia kazi, ile ya kusaga mabonge ya kupakia sangara, mota ya kilowati 7.5 inaingia gia boksi na shafti inatoka na mizunguko 100 kwa dakika. Habu ya kapilingi ilikuwa ya chuma, kipenyo cha nje milimita 100, urefu milimita 60, shafti milimita 50. Mchoro ulisema `H7/s6`, yaani saizi zinazoruhusiwa za tundu na za shafti ili vibanane, hakuna kii, ni kubana tu. Nikapima nikaona kila kitu kiko ndani ya mchoro, nikaishindilia kwa presi nikalipwa nikaenda zangu. Wiki mbili baadaye napigiwa simu, mota inazunguka barafu haisagiki. Kufika naona vumbi jekundu kama ugoro linatoka kati ya habu na shafti, na habu ukiishika inapanda joto.

Sasa tuelewe kinachobana ni nini. Tundu nimelitoboa dogo kuliko shafti, halafu nikalazimisha shafti iingie. Habu inatanuka kidogo, shafti inabinyika kidogo, na kila mmoja anataka kurudi saizi yake ila mwenzake yupo njiani. Ule ugomvi ndio shinikizo, na linakandamiza uso mzima wa mguso, milimita 60 zote, mzunguko mzima. Msuguano ukishapata shinikizo ndio unabeba mzigo, hakuna gundi wala uchawi mwingine. Hesabu ya mitungi minene aliifanya Mfaransa Gabriel Lamé tangu karne ya 19, na kama shafti haina tundu katikati na vyote viwili ni chuma cha aina moja inakuwa fupi hivi:

```
p = E·δ/(2d) · (1 − d²/D²)
T = f · p · π · d² · L / 2
```

`δ` ni ubano, yaani kipenyo cha shafti kutoa kipenyo cha tundu, vipenyo vyote sio nusu, hapa wengi wanagawanya kwa mbili bure. `p` ni shinikizo, `T` ni torki, `d` ni kipenyo cha shafti, `L` ni urefu wa mguso, `D` ni kipenyo cha nje cha habu, `E` ni ugumu wa chuma kunyumbuka, tuweke megapaskali 200,000. `f` ni msuguano, na kwa chuma kilichoingizwa kwa presi mimi naweka 0.12.

Tuipige kwa krasha yetu. 50 kwa 100 ni nusu, nusu mara nusu ni robo, inabaki 0.75. Ukiweka ubano wa milimita 0.001, yaani maikroni moja, unapata shinikizo la megapaskali 1.5. Ukiipeleka kwenye mstari wa pili, na urefu wa 60, ukagawanya kwa 1,000 ili milimita ziwe mita, maikroni hiyo moja inakupa kama nyutoni mita 42 za torki. Hiyo namba iandikeni kwenye ukuta wa karakana kwa habu ya saizi hii hii, maana ukishaijua unaacha kuogopa fomula. Unywele wa kichwa chako una maikroni kama 70, sasa piga mwenyewe.

Torki ya mota yangu baada ya gia ni 9550 mara 7.5 gawanya kwa 100, inakuja 716. Nilichopima mimi siku ile ni hiki: tundu 50.022, shafti 50.045. Tundu la `H7` linaruhusiwa kutoka 50.000 mpaka 50.025, shafti ya `s6` kutoka 50.043 mpaka 50.059, kwa hiyo nilikuwa ndani kabisa. Ubano maikroni 23. Mara 42 ni kama 970. Mbona inatosha, 970 kwa 716?

(Hapo kaka mmoja wa nyuma akasema, "Mota ikianza inavuta zaidi ya hiyo, mzee." Kweli, na hilo linakuja, ila hata kabla ya hapo kuna mwizi.)

Mwizi ni ukwaruzo. Uso wa shafti iliyotoka kwenye lethi ukiuangalia kwa kioo cha kukuza ni milima na mabonde kama Bismarck Rock kule ziwani, mawe juu ya mawe. Maikromita yako inagusa vilele tu. Ukishindilia, vilele vinalala, na ule ubano uliopima juu ya vilele unapungua. Kanuni inayotumika ni kuchukua urefu wa milima ya shafti na ya tundu ukajumlisha, halafu asilimia 80 yake ndio unaipoteza. Yangu ilikuwa karibu maikroni 6 kila upande, jumla 12, kwa hiyo nilipoteza kama 10. 23 kutoa 10 ni 13. 13 mara 42 ni kama 550. Mota inataka 716. Yaani kila bonge kubwa la barafu lilipoingia, habu iliteleza kidogo, ikatengeneza vumbi, vumbi likala zaidi, ndio mwisho wake huo. Mchoro haukukosea na maikromita haikukosea, nilichokosea mimi ni kudhani `H7/s6` ni ahadi ya torki. `H7/s6` inakuruhusu ubano wa 18 mpaka 59, na kati ya hizo mbili torki inaachana mara nyingi. Kwenye 18, ukitoa mwizi, unabaki na 8, nyutoni mita 340 tu, hata pampu ya maji ingekushinda.

Dada mmoja aliuliza, basi si tuweke ubano mkubwa tu tulale? Hapana, habu ina mwisho wake. Kule ndani ya tundu inavutwa kuzunguka mduara na wakati huohuo inakandamizwa, na tofauti ya hizo mbili, kwa chuma sawa na shafti isiyo na tundu, inakuja rahisi kuliko mlivyotegemea, `E·δ/d`. Kipenyo cha nje hata hakimo. Ubano wa 59 ni 200,000 mara 0.059 gawanya 50, megapaskali 236, na chuma laini cha kawaida kinaanza kulegea kama 250. Uko ukingoni. Ukiweka 80 habu inatanuka haitarudi, na umepoteza kubana ulikokuwa unakutafuta. Na kama habu ni ya kasti hesabu nyingine kabisa, kasti ni laini kuliko chuma kwenye kunyumbulika, ubano wa 40 unaokupa shinikizo la 60 kwa chuma kwa kasti unakupa kama 35 tu, halafu yenyewe hailegei, inapasuka. Kasti ikipasuka inalia tap, mara moja.

Kwa hiyo krasha niliirudia hivi. Bonge likiingia na mota ikianza, nikaweka mara mbili ya 716, yaani 1,430. Gawanya kwa 42 unapata 34, ongeza 10 za mwizi, 44. Nikasema basi chini isipungue 45, juu isizidi 55, lengo 50. Na hapa ndio ujanja wenyewe, usikereze shafti kwanza. Tundu ni gumu kulipata unavyotaka, kwa hiyo toboa habu, iache ipoe, ipime sehemu tatu kwa boa geji, ndio ukamalizie shafti kuifuata. Habu mpya ilitoka 50.014, shafti nikaimaliza 50.064. Haifanani na mchoro, lakini inabeba.

Mambo ya joto msiyapuuze. Shafti ukiipima mara tu imetoka kwenye lethi ikiwa na digrii 30 zaidi ya habu, imenenepa maikroni 18, maikromita inakudanganya, na kesho ikishapoa umepoteza nyutoni mita 760 na hujui zimeenda wapi. Mimi nadhani nusu ya habu zinazoteleza hapa mjini zinatokana na hiyo haraka, mteja amesimama mlangoni na boda inamsubiri.

Kuingiza, kwa presi inataka nguvu: shinikizo mara eneo la mguso mara msuguano, kwa ubano wa 50 ni kama tani 8 na nusu, presi ya tani 20 inatosha. Ila presi inakwangua vile vilele. Napendelea kupasha habu moto: unahitaji itanuke maikroni 50 za ubano na nafasi ya 40 ya kuingilia bila kusukuma, jumla 90, ambayo ni digrii 150 juu ya shafti, na mchana wetu wa Mwanza una kama 25, basi kama 175. Oveni bora kuliko moto wa gesi unaochoma upande mmoja. Huna kipima joto, gusisha waya wa solda ya kawaida ya risasi na bati upande wa nje, inaanza kuyeyuka kwenye 183, ikiyeyuka hapo uko sawa. Pangusa mafuta yote kwanza, tundu na shafti, maana grisi iliyobaki ndani inashusha ile 0.12 na hesabu yote inashuka nayo. Na ukishapeleka usisitesite, ndani ya sekunde chache inashika na hairudi.

Mwishoni nikachora mstari wa rangi ukivuka kutoka habu kwenda kwenye uso wa mwisho wa shafti. Mstari ukikatika, imeteleza, hata kabla ya vumbi. Nimeupitia mara mbili, bado umenyooka.

Swali la mwisho lilikuwa la mzee wa Kirumba: habu iliyovutwa ikarudishwa inabeba sawa? Hapana mzee. Vile vilele vimeshalala na mara nyingine kuna mikwaruzo mirefu ya kuvutia. Pima upya vyote viwili, usitumie namba za mwanzo, na ukiona ubano umeshuka chini ya 45 chonga shafti nyingine, ya kwanza itafaa kitu kingine.