Maji ya bahari hayana kipindi cha saa 12

Nianze na kosa ninalolipigia kelele kila nikisimama mbele ya walimu wa hisabati. Mwanafunzi anapewa vimo vya maji ya siku moja avitungie mlinganyo wa saini, anaona yamejaa mara mbili na kupwa mara mbili, basi anaandika kipindi ni saa 12. Jamani, ni saa 12 na dakika 25! Maji yanaufuata mwezi, na dunia ikimaliza kuzunguka, mwezi umeshasogea.

Mtasema dakika 25 ni kitu gani. Haya, tuzifuate. Chukueni bandari kama ya Zanzibar siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, namba nimezirahisisha. Maji yamejaa saa kumi alfajiri, mita 3.6. Yamekupwa saa nne na dakika 12 asubuhi, mita 0.4. Wastani ni 2.0, na nusu ya tofauti ni 1.6. Tukihesabu t kwa saa tangu saa sita usiku:

y = 2.0 + 1.6 cos(2π(t − 4)/12.42)

Kosaini hiyo ni saini ileile, ila inaanzia kileleni. Sasa ulizeni alfajiri ya wiki inayofuata, t = 172. Aliyeweka 12 amepata mizunguko 14 kamili, mita 3.6: maji yamejaa. Aliyeweka 12.42 amepata mizunguko 13 na nusu hivi, mita 0.42: yamekupwa. Na wote wawili, kwa vipimo vya siku moja, walipita karibu sana na nukta zao! Kwa hiyo msiniambie kikokotoo kimesema inalingana vizuri.

Ila nendeni ufukweni alfajiri hiyo na ubao wa kupimia. Mtakuta kama mita 1.4, kwa sababu wiki baada ya bamvua ni maji mafu, hayajai sana wala hayakupwi sana. Kila mvuvi analijua hilo, na saini moja haiwezi kulionyesha kamwe, kwani kimo cha vilele vyake hakibadiliki. Jua nalo linavuta, na kipindi chake ndicho hicho cha saa 12 kamili. Mpeni mwezi 1.1 na jua 0.5. Siku ya bamvua zinajumlika kuwa 1.6. Wiki moja baadaye zinapingana: 2.0 − 1.08 + 0.5 = 1.42.

Mtajuaje kuna wimbi mmeliacha? Toeni makadirio kwenye vipimo, mchore mabaki. Yakipanda na kushuka kwa mpangilio, bado lipo. Na mpime siku 15 angalau. Chini ya hapo mwezi na jua havitenganishiki vizuri. Vipindi msivitafute kwenye nukta, tunavijua kutoka angani. Tafuteni A na B tu katika A cos + B sin, na hiyo ni milinganyo ya mstari.

Urefu wa mchana nao tunautungia saini, ila muda wa kuueleza hautoshi. Kipindi ni siku 365.25, na Dar es Salaam tofauti ya mchana mrefu na mfupi haifiki saa moja, basi pimeni kwa dakika.