Nyota Ikisinyaa Huzunguka kwa Kasi Gani? Tukokotoe Hatua kwa Hatua

Karibuni. Chukua karatasi, kalamu na kikokotoo. Tutalisinyaza Jua kwa hesabu hadi libaki na nusukipenyo cha kilomita 10, ukubwa wa nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichoshindiliwa kinachobaki nyota nzito ikilipuka, tuone litajizungusha kwa kasi gani. Jua lenyewe halitafikia hali hiyo, kwa sababu tungamo lake ni dogo mno na mwisho wake ni kuwa nyota kibete nyeupe. Tunalitumia kwa sababu vipimo vyake vinajulikana vizuri.

Anza kwa kuandika namba mbili. Nusukipenyo cha Jua ni kilomita 696,000. Kwenye ikweta yake, Jua hujizungusha mara moja kwa takriban siku 25, yaani sekunde 2,160,000.

Sasa kanuni. Mvutano huielekeza kila chembe ya nyota katikati, kwa hiyo hauwezi kuisokota nyota. Pasipo msokoto kutoka nje, momenta ya mzunguko haibadiliki:

```
L = k × M × R² × ω
```

L ni momenta ya mzunguko, M ni tungamo, R ni nusukipenyo, na ω ni kasi ya mzunguko kwa radiani kwa sekunde. Namba k inaonyesha jinsi tungamo lilivyopangwa ndani; tuiache kando kwanza. Kama M na k hazibadiliki, ω hupanda kinyume na mraba wa R. Ukipunguza R kwa nusu, ω inakuwa mara nne. Mbona isiwe mara mbili tu? Kwa sababu mambo mawili hutokea pamoja: mwendo wa uso unaongezeka mara mbili, na njia ya kuzunguka inafupika kwa nusu.

Gawa 696,000 kwa 10 upate 69,600. Hapa wengi huteleza kwa kusahau mraba. Mraba wake ni takriban bilioni 4.84. Gawa sekunde 2,160,000 kwa namba hiyo, na muda wa mzunguko mmoja unakuwa milisekunde 0.45.

Usifurahi bado. Jibu hili lazima lipimwe. Mzingo wa duara lenye nusukipenyo cha kilomita 10 ni kilomita 62.8. Ugawe kwa muda tuliopata, na ikweta inakwenda takriban kilomita 141,000 kwa sekunde. Lakini kitu kinachozunguka sawia na uso wa nyota hiyo, kikishikiliwa na mvutano peke yake, huenda takriban kilomita 115,000 kwa sekunde:

```
v = √(G × M / R)
```

G ni namba thabiti ya mvutano. Ikweta imeshaupita mwendo huo. Nyota ya namna hiyo ingemwaga mata yake kabla ya kufika kilomita 10. Kipimo hiki ni cha Newton, na kwa nyota nzito na ndogo hivi Einstein angebadilisha tarakimu kidogo, ila kinatosha kukuonya kwamba kuna kitu tumekiruka.

Tulichoruka ni ile k. Tungamo la Jua limerundikana sana katikati, ndiyo maana k yake ni takriban 0.07 tu. Nyota ya nyutroni imeshiba karibu sawasawa, na k yake ni kama 0.35. Rekebisha hivi, T ikiwa muda wa mzunguko mmoja, 1 ikiwa kabla ya kusinyaa na 2 baada yake:

```
T2 = T1 × (k2 / k1) × (R2 / R1)²
```

Uwiano wa k ni 5, hivyo milisekunde 0.45 zinakuwa takriban 2.2. Pima tena: ikweta sasa inakwenda kama kilomita 28,000 kwa sekunde, chini kabisa ya mpaka. Kwa nyota inayosinyaa bila kubadili mpangilio wa ndani, R² peke yake inatosha. Ikibadili mpangilio, usiiache k.

Tumalizie na nyota halisi. Pulsa ya Kaa, nyota ya nyutroni inayojizungusha na kutupa miale, ilizaliwa katika mlipuko ambao Wachina waliuona mwaka 1054. Leo inajizungusha mara 30 hivi kwa sekunde, na inapungua kasi polepole. Ukirudisha hesabu nyuma, ilizaliwa na mzunguko wa takriban milisekunde 20. Je, kiini kilichoizaa kilizunguka kwa muda gani? Kiini cha chuma cha nyota nzito kinachoporomoka kina nusukipenyo cha kama kilomita 1,500, na tuseme pulsa ina kilomita 12. Kigawe kwa 12 upate 125, ambayo mraba wake ni 15,625. Zidisha kwa sekunde 0.02: kiini kilizunguka mara moja kwa takriban sekunde 312, dakika tano na ushei. Ukiingiza k, muda huo unapungua, kwa kuwa kiini nacho kilikuwa kimerundikana katikati zaidi kuliko nyota ya nyutroni.

Kuporomoka kwenyewe huchukua chini ya sekunde moja, kwa hiyo kiini hakipati nafasi ya kupoteza momenta nyingi njiani. Momenta nyingi hupotea mapema, katika mamilioni ya miaka ambapo nyota inapeperusha upepo wake na sumaku inaunganisha kiini na matabaka ya juu. Kwa hiyo, unapotumia kanuni hii kwa nyota nzito, anzia kwenye kiini. Ukianzia kwenye uso wa nyota nzima, jibu lako litakuwa na kasi kupita kiasi.