Martini: drai au weti, na yale maji ya barafu

NEEMA: Karibuni tena wasikilizaji, leo ni martini. Baraka kaka yangu, nianzie hapa, mtu akifika kaunta akasema "nipe drai" ana maana gani hasa?

BARAKA: Anataka vermuti kidogo, basi. Martini ya asili ni jini na vermuti nyeupe isiyo tamu, ile ya Kifaransa kama Noilly Prat. Ukimwaga vermuti nyingi, tuseme jini tatu kwa vermuti moja au hata nusu kwa nusu, hiyo ni weti. Ukifika sita kwa moja kwenda juu hapo ndo drai.

NEEMA: Wengi wanaagiza drai sana kwa sababu vermuti hawaipendi.

BARAKA: Na mi nakwambia dada, wengi wao hawajawahi kuonja vermuti ambayo haijaharibika! Vermuti ni divai, imeongezwa spiriti na ikatiwa mimea kama pakanga, lakini asilimia zake ni 16 mpaka 18 tu, kwa hiyo ukishafungua chupa hewa inaanza kuila. Sasa angalia baa nyingi, chupa iko kwenye shelfu chini ya taa, imefunguliwa tangu sijui lini. Inageuka rangi kidogo, inanuka kama tufaha lililokaa, ukali wa siki unaingia. Mteja anaonja hiyo halafu anasema vermuti mbaya. Iweke kwenye friji, imalize ndani ya mwezi mmoja hivi, na kabla ya kuchanganya onja kijiko kimoja peke yake, isipokupendeza hapo haitakupendeza kwenye glasi.

NEEMA: Haya tuchanganye moja. Vipimo?

BARAKA: Mi nachukua jini mililita 60, ya asilimia 45, na vermuti 15, yani nne kwa moja. Hapo ukipiga hesabu una mililita 75 za karibu asilimia 40, bado kali inachoma. Weka barafu kubwa, ngumu, iliyotoka friza sasa hivi, jaza glasi ya kuchanganyia, halafu koroga taratibu nusu dakika hivi. Barafu inayeyuka inakupa kama mililita 20 za maji, unashuka mpaka asilimia 31, na kinywaji kinakuwa baridi hata chini ya sifuri kwa sababu pombe haigandi kirahisi kama maji. Hayo maji ni sehemu ya kinywaji kabisa, ndo yanafungua harufu ya jini.

NEEMA: Na ukitikisa kwenye sheka?

BARAKA: Inapoa haraka zaidi ila unaingiza hewa na vipande vidogo vya barafu, inatoka na ukungu na maji yanazidi upesi. Kwa kinywaji chenye juisi sawa, hapa mi nakataa. Ila na kukoroga kuna kosa lake, barafu ikiwa imeshaanza kulowa unapata maji mengi kabla ubaridi haujafika. Dawa ni kuonja, ikichoma puani endelea kukoroga, ikianza kuwa nyepesi ulimini umeshachelewa.

NEEMA: Lakini pale baa ya hoteli ya Dukes, London, hawakorogi kabisa.

BARAKA: Ee, jini inatoka friza moja kwa moja mpaka kwenye glasi, vermuti ni ya kupaka glasi tu. Maji hayapo, kwa hiyo ni pombe karibu tupu, ndo maana mteja haruhusiwi zaidi ya mbili. Nzuri sana, ila ni kitu kingine.

NEEMA: Na vodka? Mi shabiki wa vodka, useme ukweli.

BARAKA: Vodka haina juniperi wala mimea, kwa hiyo chochote utakachoweka kinasikika. Kwako ningeongeza vermuti badala ya kupunguza, maana ukiinyima unabaki na vodka baridi. Na hapo zeituni inakaa vizuri, chumvi inaipa mwili, ukitaka weka na kijiko cha maji yake, hiyo ndo martini wanayoita dati, yani chafu. Ila zeituni ziwe za maji ya chumvi, zile za mafuta zinaacha utando juu ya glasi.

NEEMA: Jini je?

BARAKA: Ganda la limau, limau la njano sio ndimu. Kata upande mwembamba bila ule weupe, ni mchungu, likamue juu ya glasi mafuta yaruke, utayaona yanaelea. Jini yenye machungwa na viungo inapendana nalo sana. Zeituni kwenye jini laini inaifunika, mi siweki.

NEEMA: Na kitunguu kidogo cha siki?

BARAKA: Hapo unakunywa Gibson, na mi naipenda ikiwa weti, tatu kwa moja, kwa sababu ule uchachu unahitaji vermuti ya kuupokea.